Martha wa Mahurunga na Ikona Iliyoliwa na Mchwa

Alizaliwa mwaka 1936 katika kijiji kimoja nje ya Bukoba, akabatizwa kwa jina la Martha. Nyumbani wakamwita Kokubelwa. Baba yake alikuwa ameipokea imani ya Kiorthodoksi akiwa kibarua Uganda. Aliporudi kwao alileta ikona moja, picha takatifu ya Mzazi-Mungu, Bikira Maria, akiwa amempakata Mtoto, imeandikwa, kama Waorthodoksi wanavyosema badala ya kuchorwa, kwa rangi zilizokorogwa na kiini cha yai juu ya ubao usiozidi ukubwa wa sahani. Wakaiweka kwenye kona ya mashariki, na taa ndogo ya mafuta mbele yake. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuisogelea: kufanya ishara ya msalaba na kuinama mara mbili, kubusu mkono wa Mama au pindo la vazi la Mtoto, kamwe si uso, kisha kuinama tena. "Ukibusu picha ya bibi yako aliyefariki," alimwambia, "huibusu karatasi. Unambusu bibi." Mama huyo alipokuwa akifa alimwachia Martha ikona ile.

Martha alisomea uuguzi na ukunga. Mwaka 1968 Serikali ilimpangia zahanati ya Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, mwisho kabisa wa nchi. Alikwenda bila kunung'unika. Alipofika ndipo alipotambua kwamba hapakuwa na kanisa la Kiorthodoksi wala padre katika mkoa mzima. Kila Jumapili alisimama peke yake mbele ya ikona na kuimba sehemu za Liturujia alizozikumbuka. Alipofika mahali ambapo padre hutoka na Kikombe cha Komunyo, alinyamaza, kwa kuwa hapo hakuwa na la kufanya. Mhudumu mwenzake wa zahanati, Bi Mwanakombo wa Mikindani, alisema baadaye kwamba hakuwahi kumsikia mtu akinyamaza kwa uchungu namna ile.

Kijiji kilikuwa na mwalimu aitwaye Elia, Mkristo wa madhehebu mengine, mtu mwadilifu na mkali. Siku moja alikwenda kwa Martha kuomba dawa ya homa, akaiona taa ikiwaka mbele ya ubao. Jioni ile ile, kwenye mkutano wa kijiji, aliinuka.

"Ndugu Mwenyekiti, nesi wetu ni mtu mwema, sikatai. Lakini anasujudia sanamu. Amri ya Mungu imekataza kitu cha kuchonga. Sisi tunajenga kijiji cha ujamaa, na huyu anatuletea miungu ya miti."

Watu walimgeukia Martha. Naye alisema, "Mwalimu, amri hiyo nami naishika. Mungu asiyeonekana hakuna awezaye kumchora, na atakayejaribu amekosea. Lakini Mwana wake alizaliwa na mwanamke, akala, akachoka, akaonekana kwa macho. Aliyeonekana anaweza kuchorwa. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Picha tunaiheshimu, na heshima hiyo haibaki kwenye rangi, inamwendea mwenye sura. Ndivyo mababa wa Kanisa walivyoamua kule Nikea, mwaka 787, baada ya watu kufungwa na kuteswa kwa ajili ya jambo hili."

Elia akatikisa kichwa. Ndipo Bi Mwanakombo aliposimama, ingawa wanawake hawakuzoea kusema mkutanoni. "Mimi Mwislamu, picha hizo kwetu hazimo. Lakini msahafu ukianguka nauokota, naubusu, naupandisha juu. Yupo atakayesema naabudu karatasi? Mwacheni dada wa watu." Mkutano ukavunjika, ila neno "sanamu" likabaki midomoni mwa watu.

Lakini shutuma ile haikuwa jaribu lake kubwa. Mwaka 1972 mama kijana aitwaye Halima aliletwa akiwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amelala vibaya tumboni. Gari la kwenda Mtwara halikuwepo. Martha alimgeuza mtoto kwa mikono yake huku akisali kwa sauti ndogo, na mtoto akatoka hai. Habari zikaenea, zikapotoka njiani: ubao wa nesi unazalisha. Wanawake wakaanza kuja uani kwake na kuingia ndani kuugusa ubao na kuchovya vidole katika mafuta ya taa. Mmoja aliweka yai mbele ya ubao, kama sadaka ya tambiko. Martha aliwafukuza kwa upole, wakarudi. Wale waliomwita mwabudu sanamu hawakuwa wamemwumiza kiasi hiki. Sasa aliona picha aliyoipenda ikigeuzwa sanamu kweli mbele ya macho yake.

Mwaka uliofuata, vita vya ukombozi vya Msumbiji, ng'ambo ya mto, vilipozidi, alitumwa Kitaya kuwahudumia wakimbizi waliojeruhiwa. Alikaa huko majuma saba ya masika. Aliporudi na kufungua mlango, alikuta mchwa wamepanda ukutani na kuila ikona kutoka nyuma. Alipoigusa, rangi ilimwagika kama pumba. Uso wa Mama haukuwepo tena, wala wa Mtoto, wala herufi za majina yao. Alikaa sakafuni akalia, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee cha mama yake alichokuwa nacho duniani.

Asubuhi Halima alikuja na mwanawe mgongoni. "Mama nesi, nipe kipande kimoja tu cha mti, nimfunge shingoni. Usiniache mtupu."

"Halima mwanangu," Martha akajibu, "mti huu haukumwokoa mtoto wako. Niliyemwomba ni Mungu, na Mama yake nilimwomba aniombee. Sasa sura imetoka, umebaki ubao. Nikikupa, nitakuwa nimekupa hirizi, na nitakuwa nimekudanganya."

Akafanya kama desturi ya Kanisa inavyoelekeza kwa ikona ambayo sura yake haionekani tena: alifagia mahali safi, akawasha moto, akasali, akauteketeza ubao. Wanawake walipiga kelele. Mwalimu Elia, aliyekuja mbio, alisimama kando akitazama mpaka moto ulipokwisha.

"Nani humchoma mungu wake?" aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Hakuna, Mwalimu," Martha akasema. "Mungu wangu hachomeki."

Majivu aliyakusanya kwa mikono, akayapeleka Ruvuma na kuyamwaga majini, yasije yakakanyagwa. Elia alimsindikiza hadi mtoni, akamwomba radhi huko, na Jumapili iliyofuata akasema hadharani mbele ya kijiji kwamba alimsingizia. Wanawake nao wakaacha kuja uani. Wakaanza kuja zahanati mapema, kabla uchungu haujawashinda.

Kwa miaka minne Martha alisali mbele ya ukuta mtupu, akielekea mashariki. Bi Mwanakombo alimwuliza kama hakosi kitu. "Nakosa," alijibu. "Hakuna siku roho yangu inayotulia. Lakini mtu akisafiri mbali, picha yake ikapotea, je, utaacha kumngoja?"

Mwaka 1977 Padre Danieli alifika kutoka Dar es Salaam, baada ya barua nyingi za Martha. Alimpa Martha Komunyo Takatifu, ya kwanza baada ya miaka tisa. Padre alitaka kumwachia ikona yake ndogo ya safari. Martha alibusu pindo la vazi la Kristo, akaishika kifuani kwa muda mrefu, kisha akamrudishia. "Baba, mbele ya safari yako wapo wengine ambao hawajawahi kuuona uso wake. Wapelekee. Mimi nimekwisha zoea kungoja."

Mwaka uliofuata, alipokuwa akiwauguza wagonjwa wa kipindupindu, aliupata ugonjwa huo naye. Bi Mwanakombo alimpa maji kijiko kwa kijiko. Karibu na adhuhuri Martha aligeuza uso kuelekea ukuta wa mashariki, akatabasamu, akasema, "Kumbe ni Wewe," akafa. Alizikwa Mahurunga. Mwalimu Elia ndiye aliyechimba kaburi.

Wanawake wengi wa pande zile husimulia kwamba, walipozidiwa na uchungu, walihisi mikono yake, ya baridi, ikiwatuliza hata baada ya kifo chake. Kanisa halijatamka lolote juu ya masimulizi hayo, wala halijamtangaza mtakatifu, hivyo ikona yake haijaandikwa. Lakini waamini, tunapoinama kubusu picha takatifu, tumkumbuke mwanamke huyu aliyeipenda mno hata hakukubali igeuzwe kitu kingine. Tujifunze kwake kumtamani Mwenye sura, tukiwa na picha na tukiwa hatuna, mpaka tutakapomwona uso kwa uso.