Bila Kukubali Deni

Barua ya avoka, yaani wakili, ilifika nyumbani kwetu Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, siku ya Jumanne. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akanipa bila kuifungua. Mimi ndiye niliyesomea sheria, na deni lenyewe lilikuwa ada ya mwaka wangu wa mwisho.

Aliyetudai alikuwa jirani, mzee aliyefanya kazi mgodini pamoja na baba mpaka mishahara ilipokoma. Nyumba yake iko mstari mmoja na yetu, milango mitano mbele. Baba alipofariki, mama alimwendea akaomba dola elfu moja na mia mbili. Mzee alimhesabia noti mezani, bila karatasi, bila shahidi. "Mutoto amalize kwanza," alisema. Nilimaliza. Miaka miwili ikapita, na kazi niliyoipata ni kuchapa barua za watu katika kibanda cha fotokopi karibu na soko.

Sasa mke wake alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali ilitaka dola mia nne kwanza ndipo impangie siku ya kupasuliwa. Barua ilitupa siku kumi na tano kulipa deni lote; zikipita, kesi tribinali.

Mama aliuza friji kubwa aliyokuwa akipozea maji ya kuuza. Kufikia Alhamisi dola mia nne zilikuwa ndani ya bahasha, chini ya nguo zake.

"Twende tumupatie," alisema. "Ingine tutamuomba atupatie miezi."

Nikamwambia angoje. Nilimweleza kwamba tukilipa sehemu kabla ya kuandikiana, anaweza kuzipokea na bado akatushitaki kwa zilizobaki. Nilimweleza pia kwamba mkopo mkubwa namna ile bila maandishi ni mgumu kuuthibitisha mbele ya hakimu, na kwamba mtu anayependekeza mapatano asijifunge kwa maneno yake mwenyewe. Hayo yote nilifundishwa. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akairudisha bahasha mahali pake. Aliniamini. Hilo ndilo linalonirudia mara nyingi zaidi ya mengine.

Niliandika pendekezo usiku kucha kwa siku mbili. Mia nne siku ya kutia sahihi, kisha mia moja kila mwisho wa mwezi kwa miezi minane. Nilibadilisha "mwisho wa mwezi" kuwa "tarehe thelathini", nikakumbuka Februari, nikarudisha "mwisho wa mwezi". Juu kabisa niliweka sentensi niliyoipenda: bila kukubali kwamba deni lipo, na kwa ajili ya kulinda amani tu, tunapendekeza yafuatayo. Nikachapa nakala mbili kibandani, nikampelekea mzee Jumamosi. Alitia sahihi kwenye nakala yangu kuonyesha kwamba amepokea. Alikuwa ameshika sufuria ya uji wa mgonjwa, hakusoma.

Siku zikapita bila jibu. Nilianza kwenda kazini kwa njia ya nyuma ya nyumba ili nisipite mlangoni kwake. Nilifikiri labda anatafuta avoka mwingine. Nilifikiri labda miezi minane ni mingi, ningeandika sita. Mara mbili mama aliniuliza kama aipeleke bahasha, na mara mbili nilisema mzee ajibu kwanza.

Jumatatu, siku ya kumi na moja tangu tupate zile pesa, alikuja mwenyewe. Mama alikuwa akikaanga mikate uani. Mzee aliketi kwenye kiti cha plastiki, akatoa barua yangu mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, tata," nilijibu, kama mtu anavyomjibu baba.

"Soma pale juu."

Nikasoma. "Bila kukubali kwamba deni lipo..."

"Kwa hiyo mi njo muongo," alisema. "Nililala, nikaota nakopesha batu feza."

Mama aliepua karai motoni. "Tata, hapana. Feza nilikamata, na mukono yangu hii. Huyu mutoto ni masomo yake inamusumbua."

"Masomo ile mi nililipa."

"Njo ile ile."

Mdomo wa mzee ulisogea kidogo, kama mtu aliyetaka kucheka akakosa nguvu. Nikaanza kujieleza. Nilisema sentensi ile ni desturi ya waandishi wa sheria, haina ubaya, inawekwa kwa sababu bila maandishi ni vigumu kuthibitisha.

"Basi ulijua sina karatasi."

"Ndiyo, tata."

"Na mi nilijua. Nililipa avoka barua moja tu. Feza ya kwenda tribinali sikuwa nayo. Nilitaka tu mukuye, tuongee."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Katika kurasa zote nilizochafua, sikuwa nimeandika hata mara moja kwamba huenda mtu anatishia kwenda tribinali ili jirani yake aje kuongea.

Mama aliniambia nilete daftari. Tuliandika upya palepale, kwa mkono, karibu na karai. Sentensi ya kwanza aliisema mama, mimi nikaiandika: ninakiri kwamba nilipokea kutoka kwa jirani yangu dola elfu moja na mia mbili. Nikaandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Mia nne leo, mia moja kila mwisho wa mwezi kwa miezi minane. Malipo yakikosekana, atatupa onyo la siku nane kabla ya kudai zote zilizobaki. Tukifuata mpango, hatakwenda mahakamani. Kila malipo, risiti. Majirani wawili waliitwa, wakasoma, wakatia sahihi kama mashahidi. Nakala moja kwake, moja kwetu. Haikufika saa nzima.

Mama aliingia ndani, akarudi na bahasha. Mzee akahesabu.

"Hii ilikuwa hapa tangu lini?"

Mama alinitazama.

"Siku kumi na moja, tata," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu, akaiweka bahasha mfukoni, akaenda moja kwa moja hospitali.

Mke wake alipasuliwa Jumatatu iliyofuata. Hakuamka. Nilimuuliza muuguzi mmoja kama siku kumi na moja zingebadilisha kitu. Alisema uvimbe ule ulikuwa wa muda mrefu. Baada ya wiki moja nilimuuliza tena, akasema hakuna anayeweza kujua.

Malipo ya kwanza ya mwezi yaliangukia siku ya tatu ya matanga. Niliwaza kungoja, kwa heshima. Kisha niliwaza kwamba kungoja ndiko kulikonifikisha pale. Nikaenda na mia moja na kitabu cha risiti. Mlangoni, mpwa wake aliyekuwa akiandika michango alinyoosha mkono, tayari kuniweka kwenye orodha.

"Ile si ya matanga," mzee alisema kutoka kwenye mkeka. "Leta hapa."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikampa pole kwa maneno yaleyale ya wengine, nikamkabidhi pesa na kitabu. Aliomba kalamu, akauliza tarehe, akaandika polepole, kitabu kikiwa juu ya goti. Akachana karatasi, akanipa, kisha akageuka kumpokea mgeni mwingine.

Niliisoma nikiwa njiani. *Nimepokea dola mia moja. Feza ya masomo ya mutoto. Imebaki mia saba.*