Tarehe za Fundi Kesho

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakupewa na adui. Ukimpelekea kitambaa atakupima, atakusifia mabega, kisha atakwambia, "Njoo kesho." Haya, nenda hiyo kesho uone. Alikuwa mtu mwema mpaka basi, ila ahadi zake na kalenda havikujuana.

Siku binti yake aliporudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, alimkuta baba ameinamia cherehani. Msichana akaweka begi chini, akasema hataki kulia, kisha akalia. Wiki iliyofuata darasa lao lilikuwa linaanza mitihani ya majaribio, na aliyeko nyumbani hafanyi mtihani.

"Leta karatasi, mama," baba alimwambia. "Tumwandikie mwalimu mkuu."

Akaandika kwamba atalipa theluthi ya ada leo na salio hivi karibuni. Binti akasoma, akamrudishia.

"Baba, hivi karibuni yako tunaijua. Weka tarehe."

"Tarehe inabana, mwanangu."

"Basi ibane."

Baba alicheka, lakini neno lilimwingia. Akaitazama kazi iliyokuwa mezani, sare za kwaya ambazo angelipwa siku ya kuzikabidhi, akaandika upya: theluthi leo, theluthi tarehe thelathini sare zikishatoka, iliyobaki wiki moja kabla ya shule kufungwa, naye anaomba mtoto aendelee na masomo huku yeye akilipa. Akatia sahihi na namba ya simu.

Ofisini kwake, mwalimu mkuu aliisoma barua taratibu mno. Hapo ndipo fundi alipokumbuka, na jasho likamtoka: suruali ya bwana huyu ilikuwa rafuni kwake tangu muhula uliopita, haina hata pindo.

"Fundi," mwalimu alisema mwishowe, "hizi tarehe ni za fundi au za mzazi?"

"Za mzazi, mwalimu. Za fundi hata mimi siziamini."

Mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua miwani. Akaandika chini ya barua kwamba amekubali, akawapeleka kwa mhasibu. Mhasibu akapokea ile theluthi, akakata risiti, akaweka barua kwenye faili, akampa binti kikaratasi cha kumwonyesha mwalimu wa darasa. Mitihani ya majaribio ilimkuta darasani, amechonga penseli mbili.

Tarehe thelathini fundi alifika shuleni ofisi hazijafunguliwa, pesa mfukoni na suruali iliyopigwa pasi mkononi. Alipopita karibu na dirisha la darasa, binti alimwona. Akageuka kutazama tarehe iliyoandikwa ubaoni, kisha akamtazama tena baba yake, na safari hii hakujali nani anamwona akilia.