Tabasamu la Mwenyewe

Watu wa Langoni wakitaka picha ya kitambulisho huenda kwa Amini, na wakitaka picha ya kujivunia huenda kwake vilevile, maana bwana huyu ana kipaji, na mdomo anao pia. Mkewe Sumeiya ndiye apigaye picha za arusi upande wa wanawake, ambako Amini haingii. Yeye hubaki dukani na kompyuta, akiwafuta watu makunyanzi na kuwafumbua macho. "Mungu ameumba, mimi napiga pasi tu," hupenda kusema, na Sumeiya humwambia amche Mola wake.

Asubuhi moja akaingia Bwana Shuaib, mkulima wa Chundwa, na picha mkononi. Ilikuwa ya arusi ya binti yake Hadil, naye amesimama ubavuni mwa bibi arusi, mkono begani mwake, uso umekunjwa kama aliyekuja kudai.

"Siku ile nalijizuia nisilie mbele ya wake za watu," alisema. "Sasa Hadil yuko Mombasa, picha hataki kuitundika. Amemuuliza mamake kama mimi nili radhi. Nimemwambia kwa simu niko radhi. Aitikia, lakini sauti haikutulia."

Amini alielewa. Mwana asiye na uhakika wa radhi ya babake hata chakula hakimshuki. Akaahidi kumaliza kazi baada ya adhuhuri.

Akachukua njia ya mkato. Katika picha nyingine Hadil alisimama na ami yake Dawud, anayecheka mpaka magego yaonekane. Amini akaiambia programu ichukue sura ya Shuaib na kuibandika juu ya uso wa Dawud. Ikatii. Macho, pua na mdomo vikawa vya Shuaib. Kicheko, masikio, kichwa na kiwiliwili vikabaki vya Dawud. Amini akajisifu peke yake, jambo ambalo halijawahi kumletea heri.

Shuaib aliporudi aliitazama kwa muda mrefu.

"Sura ni yangu," alisema, "lakini huyu ateka kama Dawud, kicheko si changu. Na mkono huu ulio begani kwa mwanangu ni wa Dawud. Akiulizwa nani alimpa radhi, aseme ami yake?"

Amini aliona haya, haya ya kweli. Tangu asubuhi alidhani kinachotakiwa ni baba anayecheka. Sumeiya, aliyekuwa akisafisha lenzi, akamwambia polepole, "Mwache mtu pale aliposimama. Kilichokosekana ni tabasamu tu."

Basi wakaanza upya na picha ya kwanza. Safari hii programu ilikuwa ya namna nyingine: haichukui sura ya mtu, huchukua mwendo tu, namna ncha za midomo zinavyopanda na mashavu yanavyosukuma macho, ikautia kwenye uso ulio pichani. Amini angeweza kukopa mwendo huo kwa yeyote, hata kwake mwenyewe. Lakini alikwisha kuonywa mara moja. Akamkalisha Shuaib mbele ya kamera.

"Anza na uso mkavu, Bwana, kama wa pichani. Programu hupima tofauti kati ya uso huo na utakaofuata. Kisha tabasamu."

Shuaib akatabasamu kwa amri, na ilikuwa balaa. Sumeiya akamuuliza mzee jinsi Hadil alivyokuwa utotoni. Mzee akaanza kueleza binti yake alivyokuwa akiwahutubia kuku kwa sauti ya imamu, na mdomo wake ukapanda upande wa kushoto, kidogo, macho yakabana.

"Papo hapo!" alisema Amini.

Mara ya kwanza alizidisha kipimo, na mdomo ukafunguka ukaonyesha meno meupe yaliyopangana. Pichani Shuaib alikuwa amefumba mdomo, kwa hiyo meno hayo programu iliyabuni yenyewe.

"Hayo si yangu," alisema Shuaib, akionyesha pengo lake.

Amini akapunguza mpaka midomo ikafumbana. Likabaki tabasamu dogo la upande mmoja. Kanzu ile ile, masikio yale yale, mkono wake mwenyewe begani mwa binti yake. Shuaib alifuta mato yaliyojaa machozi kwa kilemba, na safari hii hakujizuia.

Sumeiya akaituma picha Mombasa, na Shuaib akakataa Hadil aambiwe kuwa ndivyo ilivyopigwa siku ya arusi. Haukupita muda simu ikalia.

"Baba," alisema Hadil, "huyu ni wewe kabisa. Lakini siku ile hukutabasamu. Nalikuwa hapo."

Amini aliinamisha kichwa, akingoja kazi yake yote ikataliwe.

"Kweli," alisema Shuaib. "Tabasamu ni la yeo, si la siku ile; nimelitoa hapa dukani kwa kukukumbuka wewe. Radhi ilikuwapo tangu siku ile, mwanangu. Uso ndio uliochelewa."