Ukurasa Usio na Mhuri

Nilikuwa karani wa masjala ya hospitali mpaka nilipostaafu, na kilichonifuata nyumbani ni simu za watu zenye picha za karatasi. Majirani hapa Ruangwa wanajua nasoma mwandiko wa madaktari. Wanachosahau ni kwamba mimi si daktari, na wakisahau nawakaripia.

Siku hiyo alikuja binti wa jirani yangu. Mama yake alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali ya Nachingwea, kama wiki mbili zilizopita. Karatasi zenyewe zilikuwa kwa mjomba wake, kule Nanganga. Huku kwetu karatasi za mgonjwa hushikwa na kaka yake, maana ndiye ukoo utakayemuuliza. Mjomba alikuwa amemrushia picha kwa simu.

"Mama, nisomee tu. Hapa wamesema atapona?"

"Hawajasema hivyo, na mimi sisemi," nikamjibu. "Nakusomea kilichoandikwa. La zaidi muulize aliyemtibu."

Nikavaa miwani. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa shinikizo la juu la damu. Wa pili uliandikwa kwa herufi tatu, A, K, I. Nikamweleza kuwa maana yake figo zimeumia ghafla, zimeshindwa kuchuja uchafu vizuri. Chini yake kulikuwa na kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo: namba ya siku aliyolazwa, na ya siku aliyotoka, ndogo kidogo.

"Imeshuka! Basi anapona!"

"Imeshuka. Kama imeshuka vya kutosha, hilo mwenye kulisema ni daktari."

Alinikasirikia, nikaona. Watu hupenda uwape neno moja la kulalia, na mimi nina ubahili wa neno hilo kwa sababu nimeshaona faili za waliopewa.

Kisha nikafika chini ya picha. Pembeni, kwa herufi ndogo: ukurasa wa kwanza kati ya miwili.

"Wa pili uko wapi?"

"Huo ndio wote, Mama. Mjomba kapiga wenye mhuri."

"Nakuuliza wa pili!"

"Ule mwingine hauna mhuri. Mjomba alisema ni nakala tu."

Lo! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ukoo mzima ulikuwa umekaa, ukachagua karatasi ya kuamini kwa wino wa bluu. Lakini ni nani aliyewafundisha, kama si sisi wa ofisini, tuliowarudisha watu mara ngapi kwa kukosa mhuri? Niliona aibu. Na najua kinachoandikwa ukurasa wa pili.

Tukampigia mjomba. Alikuwa shambani kwenye mikorosho, akasema atatuma jioni. Nikamnyang'anya binti simu. "Shemeji, nenda sasa hivi, tafadhali. Hiyo ndiyo inayosema mgonjwa arudi lini."

Nikasikia anatembea haraka, anahema.

Wakati tunasubiri nilimuuliza binti mama yake anaendeleaje, kuuliza kwa adabu tu.

"Leo afadhali sana," akasema. "Mwanzoni alikuwa anahangaika usiku kucha. Sasa analala vizuri, hata mchana."

Sikuwa na haki ya kusema lolote, na sikuwa na hakika ya lolote.

Picha ikaingia, imepigwa kwa mshazari, kidole cha mjomba kimefunika pembe. Nikasoma kwa sauti, taratibu. Arudi kliniki baada ya siku saba, apimwe tena figo. Siku hiyo ilikuwa imepita. Asimeze dawa za maumivu za dukani bila kuuliza. Halafu mstari uliopigiwa chini: arudishwe hospitali mara moja akipungukiwa na mkojo, akivimba, akihema kwa shida, au akiwa na usingizi usio wa kawaida.

Binti hakuuliza maana yake. Alikuwa ameshasimama.

"Mama, unasemaje wewe?"

"Mimi sisemi kitu. Karatasi inasema mara moja. Namba ya wodi hii hapa, piga."

Alipiga. Muuguzi alimsikiliza kidogo tu, akamwambia wasipitie popote, waende hospitali iliyo karibu, wabebe kurasa zote mbili simuni. Tukakimbilia kwao, tukamwita mama yake mara tatu kabla hajafungua macho. Tukampakia kwenye bajaji, nami nikamshika kichwa.

Hospitalini muuguzi wa mapokezi alizisoma picha zote mbili, akamgusa mgonjwa shavuni, akauliza, "Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu juzi," binti akasema. "Tulikuwa tunawafukuza watoto uani wasije wakamwamsha."