Zuleha na Tezi za Kushoto

Zuleha, muuza vitenge wa Tunduma, alitaka apasuliwe tu. Kwake asiyepasuliwa alishaachwa afe. Picha ya CT ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, na tezi zimevimba kifuani upande wa kushoto. Madaktari wakazichoma sindano wajue ni kansa au ni TB yake ya zamani.

"Wifi, unanivunja vidole," Pili, wifi yake aliyemsindikiza kuchukua majibu, alinong'ona; Zuleha alikuwa amemng'ang'ania mkono.

Daktari akasoma majibu. "Mama, tezi zina kansa. Hatupasui."

"Nirudi nyumbani nikafe?"

"Hapana. Imevuka upande wa pili, kisu hakiwezi kuifuata kote. Lakini haijafika kwenye ini, mifupa wala ubongo. Utapigwa mionzi pamoja na dawa za dripu."

Zuleha akaviachia vidole vya Pili. "Mionzi inaanza lini?"