Mbio za Jumapili Zilizohamia Jumanne

Usiku ule nyumbani kwa Apolline, mtaa wa Songo, hakuna aliyelala. Jioni risasi zilikuwa zimelia upande wa milimani, na Jean-Berchmans, kocha wa wakimbiaji wa parokia, alikuwa ameahidi kupiga simu iwapo barabara ya Kiliba, wanakofanyia mazoezi, itapitika. Claudette, binti wa Apolline, alikuwa katika wiki ya kumi kati ya kumi na mbili za kujiandaa kwa nusu-marathoni yake ya kwanza. Kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa zamu ya mazoezi marefu kuliko yote, kilomita kumi na nane.

Simu ililia alfajiri. Barabara imefungwa.

Apolline alimshukuru Mungu, kisha papo hapo akaanza kuhangaika upya kwa ajili ya siku iliyopotea. Yeye huuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Risasi zikimzuia leo, kesho hubeba mabeseni mawili. Tangu vita vianze, wanawake wa soko lile wanaishi hivyo. Basi Jumatatu mji ulipotulia, akamhimiza binti yake:

"Leo kimbia zile ndefu, kesho zile fupi za Jumanne. Usiache hata kidogo!"

Claudette alikuwa anafunga viatu kocha alipoingia uani.

"Mama Claudette, weye unataka kumuua mtoto?"

"Miye? Si amepoteza siku?"

"Miguu haiko beseni, mama, ya kujazwa mara mbili. Leo askari bado wako barabarani, apumzike. Kesho akimbie zile ndefu mahali pa zile fupi. Zile fupi tunaziacha. Jumatano ni mapumziko, Alhamisi anakimbia polepole. Wiki mbili za mwisho tunapunguza, miguu ipate nguvu. Akijibebesha yote pamoja, siku ya mashindano atatazama wenzake akiwa amekaa na goti limevimba."

Goti lililovimba Apolline alilielewa haraka kuliko hesabu zote za kocha.

Jumanne barabara ilifunguliwa. Claudette alizikimbia zote kumi na nane, akarudi akicheka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Usiku goti la kulia likamuuma kidogo, naye hakusema. Lakini Apolline alimwona akishuka kizingiti kwa mguu wa kulia kwanza, bila kukunja goti.

Asubuhi ya Jumatano alimkuta amevaa viatu.

"Unaenda wapi?"

"Zile fupi, mama. Kidogo tu. Zinaniuma moyoni."

Apolline alivuta kigoda, akakiegemeza kwenye mlango, akakaa, akaweka sinia la ndagala mapajani na kuanza kuzichambua.

"Mama, toka."

"Programu imesema mapumziko."

"Tangu lini weye unajua programu?"

"Tangu Jumatatu."

Jirani yao Bernardine aligonga kutoka nje. "Apolline! Huendi soko?"

"Leo binti yangu anapumzika," akajibu bila kuinuka, "na mimi niko kazini."

Claudette aliguna, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili. Mlango ukabaki umefungwa.