Cheti cha Kuhudhuria

Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya usajili wa wanafunzi, tawi la chuo kikuu hapo Ukunda. Nilikuwa na vyeti viwili. Cha usalama wa chakula nilikipata kwa kampuni ya mafunzo, na ndicho kilichonipa kazi ya jikoni hotelini Diani. Cha pili kilikuwa cha kozi fupi ya lishe ya chuo hicho hicho. Nilitarajia vyote viwili vinipunguzie masomo ya shahada.

“Shikamoo, mama,” nilimwambia karani.

“Marahaba, mwanangu.” Alivisoma polepole hadi nikaudhika. “Hiki cha jikoni ni cha kazi, hapa hatukihesabu. Hiki chetu kingehesabiwa, lakini kimeandikwa umehudhuria. Mtihani ulifanya?”

Sikuufanya. Ulikuwa wa hiari, na kila aliyehudhuria alipewa cheti. Nikajiona mjanja, nikaenda zangu.

“Bila mtihani hakuna krediti,” alisema. “Utaanza kozi hiyo upya, pamoja na wenzio.”

Nilitaka kubishana, lakini ningebishana na nani? Siku nilipokileta cheti hicho nyumbani Msambweni, mama yangu, asiyejua Kiingereza, aliweka kidole juu ya neno hilo hilo la kuhudhuria, lililoandikwa kwa Kiingereza, akaniuliza maana yake. Nilimjibu bila kupepesa macho kwamba maana yake ni kufaulu.